Tovuti Ipo, Msimamizi Hayupo

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya binafsi yenye tovuti ndogo inayoendeshwa na WordPress. Ni mwezi wa Desemba, wazazi wanapiga simu kuulizia fomu za kujiunga na kidato cha kwanza. Fomu mpya zimeshagongwa muhuri, lakini tovuti bado inatoa za mwaka uliopita, zenye ada ya zamani. Mwalimu wa kompyuta aliyeitengeneza tovuti ameshahamia kwingine. Akaunti ya msimamizi ilikuwa moja tu, ya kwake, na ilisajiliwa kwa barua pepe yake binafsi ambayo haifungui tena. Tovuti inasomeka na dunia nzima, ila hakuna mtu shuleni anayeweza kubadili hata nukta.

Hali hii hutokea mara nyingi, na inatibika. Kinachoniogopesha mimi si nywila iliyopotea. Ni dawa zinazotolewa kwa haraka, kwa sababu nyingi humwingiza mwenye tovuti ndani kisha zikamwachia mlango wazi mgeni asiyemjua. Kwa hiyo nitaeleza njia ninayoiona salama zaidi, na sababu za kila hatua.

Jambo la kwanza ni kuelewa kwamba msimamizi wa WordPress si mtu wa juu kabisa katika tovuti. Juu yake yupo anayeshika akaunti ya kampuni inayoihifadhi tovuti kwenye seva yake, na juu ya huyo yupo ambaye jina la tovuti, yaani domeini, limesajiliwa kwake. Msimamizi ni kama mpangaji mwenye funguo za vyumba, wakati hatimiliki ya nyumba iko kwa mwingine. Anayelipia seva anaweza kufika kwenye mafaili na hifadhidata bila kupita kwenye ukurasa wa kuingilia wa WordPress, na humo ndimo akaunti zote zinamoishi.

Ndiyo maana kazi inaanza na stakabadhi kabla ya kompyuta. Mhasibu wa shule atafute risiti za malipo ya kila mwaka ya seva na domeini. Kama malipo yanatoka shuleni na mkataba una jina la shule, kampuni ya seva inao msingi wa kuikabidhi shule akaunti, baada ya barua yenye muhuri na uthibitisho wa cheo cha anayeomba. Kama kila kitu kilisajiliwa kwa jina la mwalimu, suala linakuwa la makubaliano kati yake na shule, na hakuna ujanja wa kiufundi unaopaswa kutangulia hapo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania inaliona kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa. Nia njema ya kuweka fomu za wanafunzi haigeuki kuwa idhini.

Kabla ya hapo, bila shaka, apigiwe simu mwenyewe. Watu wengi hushika simu wakisema, "Mwalimu, tunaomba ile nywila ututumie kwa WhatsApp." Ombi hilo libadilishwe. Kama mwalimu bado anaweza kuingia, kwa mfano kwenye kompyuta yake ya zamani ambayo haijawahi kumtoa, aombwe afungue sehemu ya watumiaji, atengeneze akaunti mpya ya msimamizi yenye barua pepe ya shule, basi. Nywila yake haisafiri popote, na kila mmoja anabaki na yake. Dakika chache za mwalimu huyo zinaweza kumaliza shughuli yote ninayoieleza hapa chini.

Tuseme hawezi. Barua pepe imekufa, na laini ya simu aliyoisajilia imeshagawiwa mtu mwingine. Shule imepata akaunti ya seva, ambayo kwa tovuti nyingi ndogo hufunguka kwenye paneli iitwayo cPanel. Hatua ya kwanza humo ni nakala ya akiba ya vitu viwili: folda ya mafaili, ambayo kwa kawaida ni `public_html`, na hifadhidata nzima. Nakala zishushwe kwenye kompyuta ya ofisini na zisiachwe ndani ya `public_html`. Faili la hifadhidata lililoachwa humo linaweza kupakuliwa na yeyote anayelikisia jina, likiwa na barua pepe na nywila zilizokorogwa za watumiaji wote.

Baada ya nakala, fungua faili la `wp-config.php` kwa kulisoma tu. Mstari wenye `DB_NAME` utakuambia hifadhidata ya tovuti ni ipi, na mstari wenye `$table_prefix` utakuambia majedwali yake yanaanza na herufi gani. Mara nyingi ni `wp_`, lakini mafundi wengine huibadili. Kwenye mifano yangu nitatumia `wp_`. Yako ikiwa tofauti, badilisha.

Sasa ingia phpMyAdmin, kifaa cha kutazama hifadhidata kilichomo ndani ya cPanel yenyewe, na ujue kwanza akina nani ni wasimamizi. WordPress haiandiki cheo cha mtu kwenye jedwali la watumiaji. Cheo kimo kwenye jedwali jingine, `wp_usermeta`, kwa hiyo yanaulizwa yote mawili kwa pamoja:

```sql
SELECT u.ID, u.user_login, u.user_email,
       u.user_registered, u.user_pass
FROM wp_users u
JOIN wp_usermeta m ON m.user_id = u.ID
WHERE m.meta_key = 'wp_capabilities'
  AND m.meta_value LIKE '%administrator%';
```

Jibu la swali hili lisomwe polepole. Shule inatarajia mstari mmoja. Ikija mistari miwili, na wa pili una jina lisilofahamika lililosajiliwa usiku wa manane miezi mitatu baada ya mwalimu kuondoka, basi hukupotelewa na akaunti; umevamiwa, na kazi iliyo mbele yako ni nyingine na kubwa zaidi. Tazama pia safu ya `user_pass`. Nywila haiandikwi kama ilivyo, inakorogwa kwanza, na mwanzo wa mkorogo huo unasimulia historia. Ukianza na `$P$`, ni mtindo ambao WordPress iliutumia kwa miaka mingi. Ukianza na `$wp$2y$`, ni mtindo mpya ulioletwa na toleo la 6.8 mwaka 2025. Lakini ukiona herufi na tarakimu 32 tupu, zisizo na alama yoyote ya dola, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu aliiandika nywila hiyo kwa mkono moja kwa moja kwenye hifadhidata na hajaitumia kuingia tangu hapo. Hilo linahitaji maelezo kabla hujaendelea.

Kwa shule yetu, tuseme umekuja mstari mmoja, wenye ID namba 1 na barua pepe ya mwalimu. Hapa ndipo njia zinapoachana.

Ushauri unaosikika zaidi ni kuandika nywila mpya humohumo kwenye hifadhidata. Inafanya kazi, na nitairudia baadaye. Mimi napendelea kugusa kitu kidogo zaidi: anwani ya barua pepe. Shule ifungue sanduku jipya la barua chini ya domeini yake, kwa kuwa domeini iko mikononi mwake. Kisha anwani hiyo iwekwe mahali pa ile iliyokufa:

```sql
UPDATE wp_users
SET user_email = 'tovuti@jina-la-shule.sc.tz'
WHERE ID = 1;
```

Ule mstari wa mwisho ndio unaolinda. Ukiusahau, watumiaji wote wa tovuti wanapewa anwani moja. phpMyAdmin ikikujibu kwamba mstari mmoja umeguswa, uko salama. Ikitaja idadi nyingine, rudi kwenye nakala ya akiba. Hakikisha pia kwamba hakuna mtumiaji mwingine mwenye anwani hiyo, kwa sababu hifadhidata yenyewe haitakukataza kuirudia, na WordPress ikikuta watu wawili wenye barua pepe moja inaweza kumhudumia usiyemkusudia.

Baada ya hapo unatoka kwenye hifadhidata, unakwenda kwenye ukurasa wa kawaida wa kuingia, unabofya `Lost your password?` na kuandika jina la mtumiaji. Kiungo kinakuja kwenye sanduku la shule, kinadumu siku moja, na nywila mpya unaichagua mwenyewe ndani ya WordPress. Uzuri wake ni huu: nywila haikupita kwenye amri yoyote ya hifadhidata, haikubaki kwenye kumbukumbu za phpMyAdmin, na imekorogwa na WordPress yenyewe kwa mtindo wake wa sasa. Isitoshe, ombi jipya la kiungo linafuta lile la zamani. Kama mtu shuleni alishajaribu mara kadhaa na viungo vikaenda kwenye barua pepe ya mwalimu, vyote vinakuwa havina kazi.

Njia hii hukwama mahali pawili. Mahali pa kwanza ni pale tovuti inaposhindwa kutuma barua. Wakati mwingine WordPress inasema wazi kwamba barua haikutumwa. Wakati mwingine inasema imetuma, na barua haipo hata kwenye folda ya barua taka. Mahali pa pili ni tovuti zenye hifadhi ya muda ya kuongeza kasi, kama Redis. Hizo hukumbuka anwani ya zamani hata baada ya kubadilishwa kwenye hifadhidata, na barua inaendelea kwenda kwa mwalimu. Hifadhi hiyo ikishasafishwa, anwani mpya inaonekana.

Barua zikikataa kabisa, ndipo tunagusa nywila. Kama kampuni ya seva inaruhusu kuandika amri kwa SSH na WP-CLI imewekwa, simama kwenye folda ya tovuti na utumie hii:

```bash
wp user update 1 --prompt=user_pass --skip-email
```

Amri itakuuliza nywila badala ya wewe kuiandika kwenye mstari wenyewe. Tofauti hiyo si ya mapambo. Nywila iliyoandikwa ndani ya amri hubaki kwenye faili la historia ya amri za seva, na atakayekuja kulisoma mwaka ujao ataikuta. Maneno `--skip-email` yanazuia taarifa ya mabadiliko kwenda kwenye anwani ya akaunti hiyo.

Pasipo na SSH, inabaki hifadhidata. WordPress bado inakubali mkorogo wa zamani uitwao MD5, na mtu akiingia mara ya kwanza, inaukoroga upya kwa mtindo wake mzuri:

```sql
UPDATE wp_users
SET user_pass = MD5('weka-hapa-nywila-ndefu-ya-muda'),
    user_activation_key = ''
WHERE ID = 1;
```

MD5 ni dhaifu. Kompyuta ya kawaida leo inaweza kujaribu makisio mengi mno ya mkorogo huo kwa muda mfupi. Kwa hiyo nywila hii iwe ya muda tu. Ingia papo hapo, kisha uibadilishe ndani ya WordPress. Usiiandike jioni ukapanga kuingia kesho, maana seva nyingi hujitengenezea nakala za akiba usiku, na mkorogo dhaifu utalala ndani ya nakala hiyo. Mstari wa `user_activation_key` unafuta kiungo chochote cha kubadili nywila ambacho huenda bado ni hai kwenye barua pepe ya zamani. Nywila ikibadilishwa kwa njia za kawaida, WordPress hufanya usafi huo yenyewe. Ukipita kwenye hifadhidata, hakuna anayekufanyia.

Sasa zile dawa ninazoziogopa. Moja ni kuongeza mstari mmoja kwenye faili la `functions.php` la mandhari ya tovuti:

```php
wp_set_password( 'nywila', 1 );
```

Mstari huu haufanyi kazi mara moja ukanyamaza. Unafanya kazi kila ukurasa wa tovuti unapofunguliwa, na yeyote. Mzazi akifungua ukurasa wa ada, nywila ya msimamizi inaandikwa upya na msimamizi aliyekuwa ndani anatolewa nje. Dalili yake ni hiyo: unaingia, unafanya kazi kidogo, unajikuta tena kwenye ukurasa wa kuingilia. Mtu aliyechoka anabadili nywila, na mzazi anayefuata anairudisha ile ya awali. Na mstari ukisahaulika, nywila inabaki wazi ndani ya faili na ndani ya kila nakala ya akiba ya faili hilo.

Nyingine ni kupandisha kwenye seva faili la dharura la kubadilishia nywila, au kifaa kama Adminer, ili kufika kwenye hifadhidata pale phpMyAdmin inaposumbua. Faili la namna hiyo halijui wewe ni nani. Linamhudumia kila anayelifikia, na mtandaoni kuna programu zisizolala zinazopita tovuti moja baada ya nyingine zikiuliza kama kuna `adminer.php`. Matoleo ya Adminer ya kabla ya 4.6.3 yalikuwa na udhaifu mbaya zaidi: mshambuliaji aliweza kukiunganisha kifaa hicho na hifadhidata yake mwenyewe, akakitumia kusoma mafaili ya seva yako, likiwemo `wp-config.php` lenye nywila ya hifadhidata. Kama cPanel unayo, hakuna sababu ya kupita huko.

Kuna na kikwazo cha uthibitisho wa hatua mbili. Nywila mpya imekubali, lakini tovuti inadai namba sita zilizo kwenye simu ya mwalimu. Wengi hubadili jina la folda ya plagini inayohusika, ndani ya `wp-content/plugins`, na WordPress inaizima. Inasaidia, lakini katika dakika hizo watumiaji wote wamevuliwa ulinzi huo, na plagini ikiwa ni ya usalama kwa ujumla, huzimika na ukuta wake mzima. Ikilazimu, fanya hivyo wakati ambao watu ni wachache, uwe na simu yako tayari mkononi, rudisha jina la folda, washa plagini, na uisajili simu mpya kabla hujashughulikia fomu za kujiunga.

Na ukiingia salama kisha ukakuta WordPress inakuambia huruhusiwi kuona ukurasa huo, nywila haina kosa. Cheo ndicho kilichopotea. Hutokea tovuti inapohamishwa na herufi za mwanzo za majedwali zikabadilishwa bila kubadili majina yaliyo ndani ya `wp_usermeta`. Herufi zikiwa `shule_`, WordPress inatafuta `shule_capabilities`, na ikikuta `wp_capabilities` inahesabu kwamba huna cheo chochote.

Tuseme sasa shule imo ndani. Wengi huishia hapa, wakipakia fomu na kushukuru. Mimi naona nusu ya kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu akaunti hii ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine kwa miaka, na hujui ni vifaa gani bado vinaikumbuka.

Kubadili nywila peke yake kunavitoa vivinjari vilivyokuwa vimeingia kwa akaunti hiyo, kwa kuwa kuki ya kuingilia hubeba kipande kidogo cha mkorogo wa nywila. Mkorogo ukibadilika, kuki haisomeki tena. Hakugusi, hata hivyo, nywila za programu. Hizi zililetwa na toleo la 5.6, mwishoni mwa mwaka 2020, ili programu ya simu au mfumo mwingine uweze kuiandikia tovuti bila kujua nywila halisi. Zinaishi kivyake, na msimamizi akibadili nywila yake mara kumi bado zinafungua. Shuka chini kwenye ukurasa wa wasifu wa mtumiaji, utaona orodha yake pamoja na tarehe ya mwisho kutumika. Zisizo na mwenyewe zifutwe zote.

Kisha badilisha zile funguo nane za siri zilizo kwenye `wp-config.php`, zinazoanza na `AUTH_KEY`. Mwenye WP-CLI anaandika `wp config shuffle-salts`. Hapo kila mtu aliyekuwa ndani ya tovuti, kwa akaunti yoyote, anatakiwa kuingia upya. Tazama pia barua pepe ya msimamizi wa tovuti kwenye mipangilio ya jumla. Ni tofauti na barua pepe ya mtumiaji tuliyoibadili mwanzoni, na husahaulika kwa sababu hiyo; taarifa za hitilafu za tovuti huendelea kutumwa kwenye anwani ya zamani. Mwishowe rudi cPanel: akaunti za FTP za mwalimu, watumiaji wa ziada wa hifadhidata, barua zinazopelekwa kwingine kimyakimya, na nywila ya cPanel yenyewe. Kama una WP-CLI, amri ya `wp core verify-checksums` inalinganisha mafaili ya WordPress na yale rasmi na kutaja lililochezewa. Haikagui mandhari wala picha, kwa hiyo ukimya wake ni habari njema ya sehemu tu.

Sasa tengeneza akaunti mbili mpya za msimamizi, kila moja na mtu wake na barua pepe yake chini ya domeini ya shule, tuseme moja ya makamu mkuu wa shule na nyingine ya karani wa taaluma. Kwa kazi ya kila siku ya kupandisha fomu na matangazo, karani apewe akaunti nyingine yenye cheo cha mhariri, na ile ya msimamizi aifungue pale tu plagini zinapohitaji kusasishwa.

Akaunti ya mwalimu isifutwe kwa hasira. Ukiifuta kupitia hifadhidata, makala zote alizoandika zinabaki zikimtaja mwandishi asiyekuwepo. Kwanza ishushwe cheo hadi cha chini kabisa na iachwe hivyo kwa wiki chache, uone kama kuna kitu kitalalamika, kwa mfano plagini iliyokuwa ikituma barua kwa jina lake. Kukiwa kimya, ifute kupitia ukurasa wa watumiaji, na WordPress ikikuuliza maandishi yake yapewe nani, chagua akaunti ya karani. Siku hiyohiyo karani afungue dirisha la faragha la kivinjari, abofye `Lost your password?` kwa akaunti yake ya msimamizi, na ahakikishe kiungo kinafika. Kisipofika, tatizo la barua lirekebishwe wakati huo, makamu mkuu akiwa bado yumo ndani ya tovuti.